Makato ya Bima Yakizimwa

Kusimamisha makato ya bima ya maisha siku hizi ni kazi ya dakika chache kwenye simu. Mteja anafungua huduma ya benki, anatafuta agizo la kudumu linalokata pesa kila mwezi, analifuta. Wengi huamini kwamba hapo wamejitoa kwenye bima. Kumbe benki haimo katika mkataba ule. Iliagizwa tu kupeleka pesa, na sasa imeagizwa kuacha. Kampuni ya bima haijaambiwa lolote, nayo inaendelea kuhesabu siku.

Hesabu yenyewe inaeleweka vizuri kwa mfano. Mwalimu mmoja Nakuru analipa shilingi 5,000 kila tarehe 1 ya mwezi, na mkataba wake bado haujafikisha mwaka. Februari karo za watoto zinambana, anafuta agizo lake la benki. Tarehe 1 Machi malipo hayaendi. Bima haifi siku hiyo, kwa sababu mikataba mingi ya maisha inampa mteja siku za neema, mara nyingi 30. Akifariki tarehe 20 Machi, familia italipwa fedha zote za bima, isipokuwa zile 5,000 ambazo hazikulipwa. Akifariki tarehe 10 Aprili, haitapata kitu. Hakuna mahakama iliyokaa wala karani aliyetoa uamuzi katikati ya tarehe hizo mbili. Siku zimepita tu.

Kwa mkataba wa akiba uliolipiwa miaka kadhaa, mara nyingi kuanzia mitatu, mambo huenda kwa njia nyingine ambayo wateja wengi hawaijui. Mkataba huo umekwisha kujenga thamani ya fedha ndani yake. Baadhi ya kampuni, zisipopokea malipo, hujikopesha kutoka kwenye thamani hiyo kwa niaba ya mteja, mwezi baada ya mwezi, pamoja na riba. Mteja anadhani bima imelala. Kwa kweli iko macho, na inakula akiba yake. Akifariki, deni hukatwa kwanza ndipo warithi walipwe. Deni na riba vikifikia thamani yote, kinga inakoma na akiba imekwisha.

Mwenye mkataba wa aina hii akiishiwa pesa ana njia bora kuliko kuzima makato kimyakimya. Anaweza kuiandikia kampuni aombe kupunguziwa kiasi cha bima ili malipo yashuke. Anaweza pia kuomba mkataba ubaki hai bila kulipiwa tena, kwa kinga ndogo inayolingana na alichokwisha kulipa. Barua hiyo inafaa iende kabla ya agizo la benki kufutwa.

Wapo pia wanaopoteza bima bila kufuta chochote. Anayekatwa kwenye mshahara akihama kazi, makato hubaki kwa mwajiri wa zamani na kukatika pamoja na ajira. Kwa hiyo hati ya mshahara wa kwanza kwa mwajiri mpya inastahili kusomwa mstari kwa mstari: jina la kampuni ya bima lisipoonekana, siku za neema zimeshaanza kupungua.

Turudi kwa yule mwalimu. Septemba hali yake inatengemaa, anataka kuhuisha bima. Anadaiwa malipo ya Machi hadi Septemba, yaani 35,000, na riba juu yake. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Kampuni itampa fomu ya kueleza afya yake ilivyo sasa, na inaweza kumtaka apimwe kwa daktari. Ikiwa Julai aligunduliwa kuwa na kisukari, lazima aseme, na kampuni ina haki ya kumwongezea malipo au kumkataa kabisa. Akificha, madai ya familia yake yanaweza kukataliwa baadaye. Katika mikataba mingi, hata vile vipindi vya mwanzo ambavyo kampuni haiwajibiki kwa baadhi ya vifo, kama kujiua, huhesabiwa upya tangu siku ya kuhuishwa. Dirisha lenyewe halibaki wazi daima: mikataba huweka kikomo, mara nyingi miaka miwili au mitatu, na baada ya hapo mteja huanza upya kwa bei ya umri wake mpya.

Kosa linaloumiza zaidi hutokea hapa. Mteja anatuma malimbikizo yote kwa simu, anapata ujumbe kwamba pesa zimepokelewa, anatulia. Risiti ile inathibitisha tu kwamba pesa zimefika. Kabla kampuni haijakubali fomu ya afya, pesa hizo zinaweza kukaa pembeni zikisubiri, na kinga haipo. Kinachotakiwa mkononi ni barua ya kampuni inayosema bima imehuishwa, yenye tarehe iliyoanza tena kufanya kazi. Ikikawia, mteja aidai kwa maandishi. Kampuni ikikaa kimya, malalamiko hupelekwa kwa mdhibiti: IRA kwa Kenya, TIRA kwa Tanzania.