Beringi ya Mashine ya Kusaga Itadumu Saa Ngapi?

Mwenye mashine ya kusaga mahindi akienda dukani na beringi iliyokufa, muuzaji husoma namba ubavuni, 6208, akampa nyingine kama hiyo. Namba hiyo inajibu swali la shafti: 08 mara tano ni kipenyo cha milimita 40. Itadumu saa ngapi, haisemi.

Jibu la saa limo katika katalogi, kwenye safu ya herufi C. Huo ni mzigo ambao chini yake beringi 90 kati ya 100 hufikisha mizunguko milioni moja kabla chuma hakijaanza kumeguka kwa kuchoka. Kumi zilizobaki huweza kufa mapema hata kama fundi hakukosea popote. Mzigo halisi, P, huwa mdogo kuliko C mara nyingi, na kwa beringi za gololi saa hupatikana hivi, n ikiwa mizunguko kwa dakika:

```
L10h = 1000000 / (60 × n) × (C / P)^3
```

Tuchukue shafti inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, na beringi ya upande wa puli inayobeba kilonyutoni 3, kama uzito wa kilo 300. C ya 6208 katika katalogi ninayotumia ni 32.5. Gawanya kwa 3, zidisha jibu kwa lenyewe mara tatu, unapata mizunguko milioni 1,271, yaani saa 7,060 hivi. Mashine ikisaga saa 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hiyo ni miaka miwili na miezi michache.

Mwenye mashine anataka miaka mitano, saa 15,000. Ukiigeuza hesabu, C inayohitajika ni 41.8. Ya 6308 ni 42.3, na tundu lake ni lilelile la milimita 40. Ila kwa nje ni milimita 90, si 80, na ni nene zaidi, kwa hiyo nyumba ya beringi nayo lazima ibadilishwe. Gharama hiyo ipigiwe hesabu mapema.

Kinachoniuma ni mkanda kukazwa kupita kiasi. Mzigo ukipanda kutoka 3 hadi 4, ile 6308 inashuka hadi saa 6,570 hivi. Theluthi moja ya mzigo imekula zaidi ya nusu ya maisha, kwa sababu ya ile tatu iliyo juu ya mabano.

Hesabu hii inahusu kuchoka kwa chuma peke yake. Kwa hiyo ipasue beringi ya zamani kabla ya kununua. Njia ya gololi ikiwa imebanduka magamba, chuma kimechoka, na C kubwa itasaidia. Ikiwa imefifia na kulika sawasawa, vumbi la unga limeingia: tafuta sili nzuri na grisi safi. Ikiwa na rangi ya kahawia au buluu, iliungua.