Kabla ya kufungua Fesibuku ya mwombaji wa kazi

Kamati zetu zinapotafuta mtu wa kazi, siku hizi mjumbe mmoja huchukua simu na kumtafuta mwombaji kwenye Fesibuku. Si kosa kusoma yale mtu aliyoweka mbele ya wote. Lakini jicho likiisha kuona halisahau. Kwa dakika moja utajua kabila lake, chama chake, hata kama ana mimba, na hayo hayamsaidii mtu kutunza feza. Kanuni ya Kazi ya 2002 ya nchi yetu inakataza kumfukuza mfanyakazi kwa sababu za namna hiyo. Hatuoni jinsi zingekuwa haki wakati wa kumchagua.

Kwa hiyo tunashauri ukurasa utazamwe mwisho, baada ya mahojiano, kwa wale wawili au watatu waliobaki, wote sawasawa. Atazame mtu mmoja asiyekuwa na kura, akiwa na maswali yaliyoandikwa mbele. Kwa mtunza feza wa kituo cha afya tungeuliza: ameeneza chuki? Ametoa siri za kazi ya zamani? Kazi anazotaja zinapatana na barua yake? Anapelekea kamati majibu ya hayo tu, pamoja na picha ya ukurasa yenye tarehe. Asijifanye rafiki kwa jina la uongo, wala asimtume kijana wa kwaya achungulie kundi la Watsapu.

Tuseme amekuta mambo mawili: picha ya arusi yenye chupa ya bia mezani, na maneno ya 2021 yanayoita kabila fulani nyoka. Chupa haisemi nani alikunywa. Kanisa likitaka mfanyakazi asiyekunywa pombe, liandike hivyo katika tangazo na kuwauliza waombaji wote.

Yale maneno ni mazito, kwa maana wagonjwa wa kabila hilo watalipa kwenye dirisha lake. Lakini kwanza hakikisheni ni yeye. Akina Amani na Bahati ni wengi Goma na Bukavu. Linganisheni sura, shule na mtaa. Ukurasa uliofunguliwa juzi, wenye picha moja na marafiki wachache, huenda ni wa mtu anayemwigiza. Someni pia maneno yote, maana wengine husambaza ubaya ili kuulaani.

Kisha aitwe, aonyeshwe, aulizwe. Akisema ukurasa uliibwa, muulizeni lini, na aliwaonya nani. Mara nyingi aliyeibiwa huwaandikia rafiki zake, na onyo hilo lina tarehe. Akikubali ni yake, tazameni aliyoandika tangu hapo. Kamati iandike sababu ya uamuzi wake, na picha za wasiochaguliwa zifutwe.

Na mwombaji asiye na ukurasa wowote asipunguziwe alama. Wengi huko vijijini hawana mtandao, na wengine wamenyamaza kwa usalama wao.