Kukisia nishati ya kiini cha chuma kwa tone la kimiminika

Kiini cha chuma-56 kina protoni 26 na nyutroni 30. Kuzitawanya zote, kila moja ikae peke yake, kunahitaji MeV 492.3, yaani elektronivolti milioni 492.3. Hiyo ndiyo nishati ya mfungamano. Mwaka 1935 Carl Friedrich von Weizsäcker alitoa fomula inayoikisia kwa kukichukulia kiini kama tone la kimiminika, wazo lililoanzishwa na George Gamow:

```
B = 15.75A − 17.8A^(2/3) − 0.711Z²/A^(1/3)
    − 23.7(A−2Z)²/A + 11.18/√A
```

A ni idadi ya chembe zote, Z ni ya protoni. Namba zilizotangulia herufi hazikutokana na nadharia. Zilichaguliwa ili zilingane na masi za viini vilivyopimwa.

Sehemu ya kwanza ndiyo moyo wa fomula. Kama kila chembe ingevutana na nyingine zote, nishati ingekua kwa mraba wa A. Lakini nguvu ya kiini haifiki mbali: chembe hushikana na jirani zake tu, kama molekuli za maji zinavyofanya. Kwa hiyo nishati hukua sawia na A, na kwa chuma tunapata 15.75 × 56 = 882.

Hapo tumezidisha mno, maana chembe za pembeni hazina jirani upande wa nje. Eneo la uso hukua kwa A^(2/3), ambayo hapa ni 14.64, basi tunatoa 260.5. Protoni nazo husukumana kwa chaji zao, na msukumo huo, tofauti na nguvu ya kiini, hufika kila mahali. Ndiyo maana una Z². Tunatoa 125.6.

Zilizobaki ni ndogo. Nyutroni zimezidi protoni kwa 4, na kutolingana huko kunagharimu 6.8. Protoni na nyutroni zote ni shufwa, zimekaa jozi jozi, basi tunaongeza 1.5. (Zingekuwa witiri zote mbili, tungetoa; A ikiwa witiri, sehemu hii ni sifuri.)

882 − 260.5 − 125.6 − 6.8 + 1.5 = 490.6. Tumekosea kwa MeV 1.7, chini ya nusu ya asilimia moja.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa risasi-208 na utapata takriban 1624, ilhali kipimo ni 1636. Pengo la MeV 12 ni kubwa mno kuzilaumu namba zilizochaguliwa. Risasi hiyo ina protoni 82 na nyutroni 126, idadi zinazojaza kabisa maganda ya nishati ndani ya kiini, kwa hiyo imefungika kuliko kawaida. Tone halina maganda. Maria Goeppert Mayer na Hans Jensen waliyaeleza mwaka 1949, bila kushirikiana, na leo wakokotoaji wa masi za viini huongeza sahihisho la maganda juu ya fomula ya tone.