Lugha, Dira na Kumbukumbu: Mifumo Miwili ya Kutaja Mahali

Mnamo mwaka wa 1980 mwanaisimu John Haviland alimpiga picha za sinema mzee mmoja, msemaji wa lugha ya Guugu Yimithirr, katika kijiji cha Hopevale, kaskazini-mashariki mwa Australia. Mzee huyo alikuwa akisimulia jinsi mashua ya misheni ilivyopinduka baharini zamani, hata yeye na mwenziwe wakalazimika kuogelea hadi pwani. Wakati huo alikuwa ameketi akielekea magharibi, na alipofika penye kupinduka kwa chombo aliizungusha mikono yake kwenda mbele, mbali na kifua chake. Miaka miwili baadaye, Stephen Levinson naye alimrekodi mzee yuyo huyo akikisimulia kisa kicho hicho. Mara hii alikuwa ameketi akielekea kaskazini, na mikono haikwenda mbele tena, bali ilizunguka kutoka kulia kwenda kushoto.

Atakayezitazama picha hizo mbili bila ya kuijua dira atadhani kwamba mzee amesahau, au kwamba amebadili hadithi. Lakini tazama: mbele ya mtu anayeelekea magharibi ni magharibi, na kushoto kwa mtu anayeelekea kaskazini ni magharibi vilevile. Mashua ilipinduka kutoka mashariki kwenda magharibi, na ishara ya mkono ilibadilika ili mwelekeo huo usibadilike.

Makala haya yanakusudia kuchunguza ni kiasi gani ushahidi wa namna hii unatuwezesha kusema kwamba lugha huathiri kumbukumbu ya mwenye kuisema. Kwanza hapana budi tueleze tofauti ya mifumo miwili. Sisi tusemao Kiswahili twasema kikombe kiko kushoto kwa sahani, na maneno hayo ni kweli kwa mahali aliposimama msemaji tu. Akizunguka meza, kushoto hugeuka kuwa kulia. Huu tutauita mfumo wa mtazamaji. Katika Guugu Yimithirr msemaji hutaja pande za dunia hata kwa vitu vilivyo mezani, kwa kutumia mashina manne ya maneno: gungga kwa kaskazini, jiba kwa kusini, naga kwa mashariki na guwa kwa magharibi. Huu tutauita mfumo wa dira. Kiswahili nacho kina maneno ya dira, na yale ya kaskazini na kusini yana uhusiano wa wazi na pepo za kaskazi na kusi; ila hatuyatumii kumwonyesha mgeni kijiko kilipo.

Jaribio lililozua mjadala mkubwa lilifanywa na Penelope Brown na Levinson huko Tenejapa, katika jimbo la Chiapas nchini Meksiko. Wasemaji wa Kitzeltal wa huko husema upande wa mlimani na upande wa bondeni. Kwa kuwa nchi yao kwa jumla huinuka kuelekea kusini, mlimani huwa ni kusini na bondeni ni kaskazini, hata mtu awapo mahali tambarare. Jaribio lenyewe ni rahisi. Mtu husimamishwa mbele ya meza yenye wanyama watatu wa kuchezea waliopangwa mstari mmoja, akaambiwa awakumbuke. Baada ya kungoja kidogo hugeuzwa nusu mzunguko na kupelekwa kwenye meza ya pili, akapewa wanyama na kuambiwa awapange vile vile.

Natuseme mtu huyo alikuwa ameelekea magharibi, na wanyama walikuwa wakitazama kulia kwake, yaani kaskazini. Katika meza ya pili yeye anaelekea mashariki. Akiwapanga wakitazama kulia tena, sasa watatazama kusini, nasi tutajua kwamba alihifadhi mpango wa mtazamaji. Akiwapanga wakitazama kushoto, kaskazini imebaki pale pale, na alichohifadhi ni dira. Waholanzi waliojaribiwa walichagua kulia. Wengi wa watu wa Tenejapa walichagua kaskazini.

Niliwahi kulifanya jaribio hili darasani kwa vibiriti vitatu. Wanafunzi karibu wote walijibu kama Waholanzi, lakini mmoja alisita akaniuliza: "Mwalimu, vile vile kwangu mimi, au vile vile kwa chumba?" Swali lake ndilo hasa walilolishika wapinzani. Mwaka wa 2002 Peggy Li na Lila Gleitman walieleza kwamba neno hilo "vile vile" lina maana mbili, na kwamba anayejaribiwa hukisia tu ile inayotakiwa. Waliwajaribu wanafunzi wa Kimarekani, wote wasemaji wa Kiingereza. Katika chumba kilichofungwa mapazia, wanafunzi walifuata mfumo wa mtazamaji. Walipowekewa mfano mdogo wa kidimbwi cha bata katika kila meza, wakaanza kuwapanga wanyama kwa kukifuata kidimbwi. Lugha ilikuwa moja, ila majibu yalibadilika kwa mazingira.

Levinson na wenzake walijibu mwaka uo huo kwamba kukifuata kidimbwi si kuifuata dira. Kwa kumgeuza mtu nusu mzunguko, mambo haya mawili huweza kutoa jibu moja; mgeuze robo mzunguko tu, na kidimbwi ukigeuze pamoja na meza, ndipo yatakapoachana. Anayefuata dira atawaacha wanyama wakitazama kaskazini, na anayefuata kidimbwi atawaelekeza kidimbwini popote kilipo. Kwa maoni yangu jibu hilo ni la haki, lakini halikuliondoa swali la mwanafunzi wangu.

Njia ya kuliondoa ni kutaka jibu moja tu lililo sahihi, na kuangalia kama watu wanaliweza. Hapa matokeo yanagongana. Mnamo 2011 Li na wenzake waliripoti kwamba wasemaji wa Kitzeltal, walipopewa kazi ambazo jibu lake sahihi lilitegemea mwili wao wenyewe, walizifanya vizuri, wala hawakushindwa na wanapofuata dira. Mwaka huo huo Daniel Haun na wenzake waliripoti juu ya watoto wa Kiholanzi na watoto wa Wahai||om wa Namibia, ambao lugha yao hupendelea dira: walipoagizwa waziwazi watumie mfumo usiokuwa wao, walifanya vibaya. Yamkini tofauti ya umri na ya kazi zenyewe inaeleza sehemu ya mgongano huu, lakini haielezi wote.

Kabla ya hapo, mwaka wa 2009, Haun na Christian Rapold walikuwa wamewafundisha watoto wa Kihai||om na wa Kijerumani ngoma fupi: mikono kulia, kushoto, kulia, kulia. Kisha mtoto aligeuzwa nusu mzunguko na kuambiwa acheze tena. Wajerumani walirudia kulia, kushoto, kulia, kulia. Wengi wa Wahai||om walicheza kushoto, kulia, kushoto, kushoto, hata mikono ikaenda upande ule ule wa dunia. Hili lanishangaza kuliko wanyama wa mezani, maana mwendo wa mwili wa mtu mwenyewe ndio tungeutarajia kuwa wa mtazamaji. Hata hivyo neno "tena" nalo lina maana mbili, na watoto hao hawatofautiani kwa lugha tu, bali pia kwa shule na kwa nchi waikanyagayo.

Kwa sababu hiyo narudi kwa mzee wa Hopevale. Yeye hakupewa agizo lolote lenye utata, wala hakuna aliyemwuliza mashua iliangukia upande gani. Ili mkono wake uende magharibi mara zote mbili, ilimpasa awe ameuweka mwelekeo huo moyoni tangu siku ya ajali, kabla ya kujua kwamba atausimulia. Twaweza kubisha kwamba ishara ya mkono nayo ni sehemu ya mazungumzo, na kwamba mzee aliwaonyesha wasikilizaji kile ambacho desturi ya lugha yake hudai; lakini desturi haiwezi kudai habari ambayo kumbukumbu haikuihifadhi. Udhaifu wa ushahidi huu uko mahali pengine: ni wa mtu mmoja na kisa kimoja, na viti viwili vilivyotokea kuelekea pande mbalimbali bila ya mtu kuvipanga hivyo.