Mtoto Akikosa Siku ya Chanjo ya Surua

Mama amepigiwa simu usiku: kuna msiba Iringa, basi ni alfajiri. Mtoto wake ametimiza miezi tisa, na kesho Jumanne alitakiwa kuchanjwa surua na rubela kwenye zahanati ya mtaani kwake Morogoro. Wazazi wengi hapo huondoka kimya, wakidhani siku yoyote watakayorudi itafaa. Kwa chanjo hii, si lazima ifae.

Sababu imo kwenye kichupa. Chanjo ya surua-rubela huja ikiwa unga mkavu, na kichupa kinachotumika sana Tanzania hutosha watoto kumi. Nesi akishauchanganya na maji yake, ana saa sita tu, au mpaka mwisho wa kliniki ya siku hiyo, kinachobaki humwagwa. Ndiyo maana zahanati nyingi hupanga siku maalumu ya kukifungua, watoto wakusanyike. Chanjo ya pentavalenti, ile ya wiki ya 6, 10 na 14, haina masharti hayo: ni ya maji, na kichupa kilichofunguliwa kikihifadhiwa vizuri kwenye baridi huweza kutumika hadi siku 28.

Kwa hiyo, ujumbe wa mama huyo usiishie kwenye kuomba radhi. Uwe na jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, namba iliyo kwenye kadi ya kliniki na chanjo anayokosa. Kwa mfano: "Shikamoo dada. Ni mama yake fulani, aliyezaliwa tarehe 3 Machi, kadi namba kadhaa. Kesho hatutafika kwa surua ya miezi tisa, tuna msiba Iringa. Tunarudi Jumapili. Surua mtafungua tena lini?" Swali hilo la mwisho ndilo lenye kazi. Ukiuliza tu "nije lini?", unaweza kuambiwa "siku yoyote" na mtu asiyejua unafuata chanjo gani.

Tuseme nesi anajibu: Jumanne ijayo. Mtoto atachelewa wiki moja, na hakuna kinachoanzwa upya. Dozi ya pili inabaki miezi 18. Msiba ukirefuka, mama aende zahanati ya huko huko na kadi yake, achanjwe mtoto. Lakini akirudi, aipeleke kadi kituoni kwake. Asipofanya hivyo, rejesta itaendelea kuonyesha nafasi tupu, na mhudumu wa afya wa jamii atatumwa kumtafuta "mtoro" aliyekwisha kuchanjwa.

Mafua na kikohozi kidogo, ambavyo ni visingizio maarufu kuliko misiba, kwa kawaida havizuii chanjo. Mpeleke mtoto, nesi amwone na aamue yeye.

Na kama umeondoka bila kutoa taarifa, piga simu hata leo. Mtoto aliyepitiliza miezi tisa bado anachanjwa.