Herufi Nne za Jina la Bibi Arusi

Kompyuta ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ikiikataa ritani yako haikuandikii barua ya kujieleza. Inakurudishia msimbo. Kwa wanandoa wapya wanaofaili pamoja, unaowatoa jasho mara nyingi ni R0000-503-02, na tafsiri yake ni fupi: jina la mwenza aliyeandikwa wa pili kwenye fomu haliendani na namba yake ya hifadhi ya jamii, ile ambayo Waswahili wa Houston na Minneapolis huiita soshal. Akiwa ni wa kwanza kwenye fomu, msimbo huwa R0000-500-01. Bibi arusi anakagua: namba ni ileile aliyopewa alipoingia nchini, jina ni la mumewe kama walivyokubaliana, cheti cha ndoa kipo. Sasa kosa liko wapi?

Liko kwenye ofisi nyingine kabisa. Wengi hudhani IRS ina daftari lake la majina ambalo mtu huenda kulirekebisha. Kwa mwenye soshal, majina yanatunzwa na idara ya hifadhi ya jamii, SSA, na IRS hupokea taarifa kutoka huko. Ritani ikitumwa kwa mtandao, kompyuta huchukua namba yako na herufi nne za mwanzo za jina la ukoo, kisha huzilinganisha na kilichotoka SSA. Jina la kwanza, hata likikosewa herufi moja, si kitu inachokipima hapo. Inapima hizo nne.

Tuchukue mfano wa kubuni. Rehema Mwakyusa ni muuguzi Houston. Septemba alifunga ndoa Moshi na bwana Kimaro, ambaye naye anaishi Houston. Waliporudi, Rehema alianza na yaliyo karibu: benki walikubali cheti cha ndoa wakaiandika akaunti yake kwa jina la Rehema Kimaro, na mwezi Novemba idara ya utumishi hospitalini ikabadilisha jina kwenye mishahara. Januari ikaja W-2, karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara wa mwaka na kodi iliyokatwa, nayo imeandikwa Rehema Kimaro. Kwa macho ya kawaida kila kitu kimenyooka. Februari mume akajaza Fomu 1040 kwa ajili ya wote wawili, akatuma, na baada ya muda mfupi ikarudi. SSA bado inamjua kama Mwakyusa. Kompyuta ilitarajia MWAK, ikaletewa KIMA.

Kumbuka kwamba mume hakubadilisha chochote, lakini ritani yake nayo imekwama, kwa kuwa ni moja. Na si lazima wangefaili kama wanandoa kwa sababu ya miezi mingi ya ndoa. Sheria ya Marekani huangalia hali ya mtu siku ya 31 Desemba. Aliyeoa usiku huo anahesabiwa kuwa na ndoa kwa mwaka mzima, wakati soshal ya mkewe haijaguswa.

Hapa kuna njia mbili, na watu hupotea kwa kuchanganya nusu ya hii na nusu ya ile.

Njia ya haraka ni kutuma tena kwa jina la zamani. IRS yenyewe inaelekeza hivyo: kama hujaijulisha SSA, tumia kwenye ritani jina lililoko SSA. Rehema ataandikwa Mwakyusa kwenye 1040, ingawa W-2 yake inasema Kimaro. Hilo linawatia watu hofu, kana kwamba wanadanganya, lakini namba ya soshal kwenye W-2 na kwenye ritani ni moja na mshahara ni uleule. Si udanganyifu kutumia jina ambalo dola bado inalitambua kuwa lako.

Ila hapo ndipo benki inapoingia. Tuseme wanadai marejesho ya dola 1,840. Kwenye 1040, mistari ya 35b hadi 35d huomba namba ya utambulisho wa benki, aina ya akaunti na namba ya akaunti. Jina la mwenye akaunti halipo hapo. IRS hutuma fedha kwa kufuata namba, na benki nyingi huziingiza kwa namba hizohizo. Lakini benki ina ruhusa ya kurudisha fedha zilizokuja kwa jina lisilo la mwenye akaunti, na baadhi hurudisha marejesho ya wanandoa wawili yanapoelekezwa kwenye akaunti ya mmoja wao. Rehema akiweka akaunti yake, iliyosajiliwa Rehema Kimaro peke yake, na ritani ikiwa ya Kimaro na Mwakyusa, ameziunganisha sababu zote mbili. Ushauri wangu ni mmoja: fedha ziende kwenye akaunti ya pamoja yenye majina ya wote wawili. Kama hawana, wafungue kabla ya kutuma ritani, kwa sababu ikishapokelewa namba ya akaunti haibadilishwi kirahisi.

Zamani fedha zikirudishwa na benki, IRS ilituma hundi kwa posta. Kuanzia 30 Septemba 2025 serikali ya Marekani ilianza kuachana na hundi za karatasi, kwa hiyo mtu wa namna hii hutarajia kwanza notisi inayomtaka aweke namba sahihi za benki kupitia akaunti yake ya mtandaoni ya IRS. Ikitumwa kwenye anwani ya nyumba ya zamani, ndiyo mwanzo wa miezi ya kuulizana. Waliohama baada ya harusi, na wengi huhama, wanayo Fomu 8822 ya kubadilisha anwani. Fomu hiyo ndogo imeokoa marejesho mengi kuliko simu za saa mbili.

Njia ya pili ni kurekebisha chanzo kwanza. Hii huanza na Fomu SS-5 ya kuomba kadi ya soshal yenye jina jipya. Haina ada, na anayekudai fedha kwa kazi hiyo anauza kitu cha bure. Namba haibadiliki, kinachobadilika ni jina lililoandikwa juu yake. SSA hutaka cheti halisi cha ndoa au nakala iliyothibitishwa na ofisi iliyokitoa. Nakala iliyogongwa muhuri wa wakili, ambayo kwetu hupita karibu kila dirisha, kwao haipiti. Aliyefunga ndoa Tanzania ajiandae na cheti chenyewe au nakala ya RITA, si picha ya simu. Asiye raia huulizwa pia karatasi zake za uhamiaji, na ikiwa kadi ya ukaazi bado ina jina la zamani, apige simu ofisi ya SSA aulize ni karatasi zipi watakubali kabla hajapoteza siku ya kazi. Kadi ya ukaazi yenyewe hubadilishwa kwa Fomu I-90, ambayo ina ada yake na foleni yake.

Kadi mpya hufika kwa posta kwa takribani wiki mbili. Jina nalo huhitaji muda kusafiri kutoka kompyuta za SSA hadi za IRS, kwa hiyo kutuma ritani jioni ya siku uliyotoka SSA ni kujitafutia msimbo uleule. Ukishaipata kadi mkononi, mpe mwajiri nakala, kisha benki, kisha faili. Rehema alianza na benki na mwajiri, akamalizia na SSA. Mpangilio huo ndio uliomponza, wala si jina.

Tarehe ya mwisho ni 15 Aprili. Ritani iliyotumwa siku hiyo ikakataliwa haihesabiwi imechelewa papo hapo. Kuna siku 5 za kurekebisha na kutuma tena kwa mtandao. Hazitoshi kupata kadi mpya, lakini zinatosha kubadilisha KIMA kuwa MWAK. Ndiyo maana mwezi Aprili nisingemshauri mtu ashike njia ya pili. Afaili kwa jina la zamani, SSA aende Mei.

Majina yetu yana mitego yake. Fomu za kwetu huchukua majina matatu kwa mfululizo. Fomu ya Marekani inataka moja liwe la ukoo, na ni hilo linalokatwa herufi nne. Rehema akiamua kuitwa Mwakyusa-Kimaro kwa kistari, kompyuta inaanzia kushoto, inapata MWAK, na ritani inapita hata kabla SSA haijajua habari ya harusi. Akiyaandika Mwakyusa Kimaro bila kistari, inachukua la mwisho: KIMA. Kistari chenyewe huhesabiwa kuwa herufi, hivyo jina kama Al-Busaidy hubaki AL-B. Alama ya juu, kama katika O'Brien, haihesabiwi. Siwaambii watu wachague jina la ndoa kwa ajili ya kompyuta, lakini kwa mwanamke aliyekuwa anasitasita kati ya la baba na la mume, kistari kina faida ambayo mshenga hakuitaja. Na wapo wengi, hasa Waislamu wa pwani, wanaobaki na jina la baba maisha yote. Hao hawana cha kubadilisha mahali popote. Wamwangalie tu mtayarishaji wa ritani asiyeuliza, anayemwandikia kila mke jina la mumewe kwa mazoea.

Asiye na soshal, anayetumia namba ya ITIN inayotolewa na IRS, hayamhusu haya ya SSA. Namba hiyo ni ya IRS wenyewe, na jina hubadilishwa kwa kuwaandikia barua, ukiambatanisha nakala ya cheti cha ndoa na kutaja namba yako.

Limebaki moja ambalo halionekani hadi miaka ipite. Mwajiri hupeleka W-2 kwa SSA pia, ili mshahara uhesabiwe kwenye pensheni. Jina na namba zisipolingana, mshahara huo unaweza kuwekwa kwenye faili la pembeni la fedha zisizo na mwenyewe. Marejesho ya kodi yanaweza kuingia benki salama huku mshahara wa mwaka mzima wa Rehema haumo kwenye kumbukumbu zake za uzeeni. Akishapata kadi mpya, afungue akaunti yake kwenye tovuti ya SSA, aangalie mshahara wa mwaka ule wa harusi. Ukionyesha sifuri, aende ofisini na W-2 ile yenye jina la Kimaro, kadi mpya, na cheti kilekile cha Moshi.