Katoni Ngapi Zibaki Stoo Kabla Lori Halijafika?

Mafuta ya kula yakiisha stoo, lawama ya kwanza huwaangukia wateja: wiki hii wamenunua kuliko kawaida. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kwa msambazaji aliye mbali na kiwanda, hesabu huonyesha kwamba mwenye kuleta upungufu mara nyingi si mteja, ni kutojua lori litafika lini.

Tuchukue mfano wa msambazaji wa Mwanza anayeagiza mafuta ya katoni kutoka Dar es Salaam. Anauza wastani wa katoni 40 kwa siku. Tangu aweke oda hadi mzigo ushushwe na kuhesabiwa, hupita wastani wa siku 9. Kwa hiyo akiagiza zikiwa zimebaki katoni 360, yaani 40 mara 9, na kila kitu kikaenda kwa wastani, lori litafika katoni ya mwisho ikiondoka. Tabu ni kwamba mambo hayaendi kwa wastani. Karibu nusu ya oda zake zitachelewa au mauzo yatazidi, na wenye maduka watahamia kwa mwingine. Kinachotakiwa ni katoni za ziada juu ya zile 360, ambazo ndizo akiba ya tahadhari. Swali ni ngapi.

Jibu linaanzia kwenye daftari. Mauzo ya kila siku kwa miezi mitatu yanatosha kutupa namba iitwayo mkengeuko sanifu, inayopima mauzo yanatawanyika umbali gani kutoka kwenye wastani. Tuseme ni 12. Maana yake, takribani siku mbili katika kila tatu anauza kati ya katoni 28 na 52. Kisha inakuja orodha ambayo wengi hawaiandiki: siku za kusubiri mzigo. Oda zake kumi za mwisho zilichukua siku 6, 7, 7, 7, 8, 9, 9, 9, 12 na 16. Wastani ni 9, na mkengeuko wake ni karibu siku 3. Lori laweza kukaa foleni ya kupakia kiwandani, kusubiri malipo yathibitishwe, kuzuiwa mizani ya Vigwaza kwa uzito uliozidi, au kuharibika njiani katika safari ya zaidi ya kilomita elfu moja.

Sasa tazama uzito wa kila upande. Mauzo ya siku hupanda na kushuka, na ndani ya siku 9 siku nzuri na mbaya hufutana kwa sehemu. Ndiyo maana mkengeuko wa 12 hauzidishwi kwa 9, bali kwa kipeuo cha pili cha 9, yaani 3. Tunapata katoni 36. Upande wa lori hakuna kufutana kwa namna hiyo: kila siku ya kuchelewa inakula katoni 40 kamili. Mkengeuko wa siku 3 ni katoni 120. Kwa kuwa si kawaida pande zote mbili kwenda vibaya kwa pamoja, hatujumlishi 36 na 120 moja kwa moja. Kila moja huzidishwa kwa yenyewe, majibu yakajumlishwa, kisha tukatafuta kipeuo cha pili. Jibu ni kama katoni 125, na karibu yote imetoka barabarani.

Imebaki kuamua kiwango cha huduma, yaani katika kila oda 100 unataka ngapi zifike kabla stoo haijawa tupu. Ukichagua 95, takwimu zinakupa kizidisho cha 1.645, na 125 mara 1.645 ni katoni 206. Kwenye Excel kazi yote ni mstari mmoja:

```
=NORM.S.INV(0.95)*SQRT(9*12^2+40^2*3^2)
```

Basi anaagiza zikibaki katoni 566: zile 360 za kusubiria na 206 za tahadhari. Akihesabu stoo, ajumlishe na mzigo uliokwisha kuagizwa ambao bado uko njiani, la sivyo ataagiza mara mbili.

Asilimia 95 haimaanishi kwamba wateja watano katika mia wataondoka mikono mitupu. Inahesabu oda. Akileta katoni 600 kwa safari, ana safari kama 24 kwa mwaka, na ataishiwa takriban mara moja. Akitaka 99, akiba inapanda hadi 291. Hizo katoni 85 zaidi ni fedha iliyolala mwaka mzima, na hapo ndipo mwenye mali anapaswa kukaa na faida yake ya kila katoni aamue. Kwa bidhaa inayomleta mteja dukani naona inalipa. Kwa ile anayoweza kuisubiri, hapana.

Kosa ninalolihofia zaidi ni la anayepima mauzo tu na kuchukulia siku 9 kama ahadi. Hesabu yake itampa 36 mara 1.645, yaani katoni 59. Ataamini amejikinga kwa asilimia 95, kumbe kinga yake ni kama asilimia 68. Karibu oda moja katika kila tatu itamkuta stoo tupu, naye atazidi kuwalaumu wateja.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha pa kutia nguvu. Akifanikiwa kupunguza mtawanyiko wa mauzo kwa nusu, akiba inashuka kutoka 206 hadi 200 tu. Akipata lori linalofika kwa siku 6 badala ya 9, lakini lenye kuchelewa kulekule, akiba inabaki 203, ingawa ataweza kuagiza akiwa amechelewa zaidi. Lakini akipata msafirishaji wa siku zilezile 9 ambaye mkengeuko wake ni siku 1, akiba inaanguka hadi 89. Katoni 117 zinageuka fedha taslimu. Anayefika kwa siku inayojulikana anaweza kustahili nauli ya juu kidogo kuliko mwenye mbio.

Ndiyo maana pia kanuni ya kuagiza mzigo wa wiki mbili ukibaki haifai kwa kila bidhaa. Kwa mafuta haya ni katoni 560, inaelekea kuwa sawa. Kwa sabuni inayotoka kiwanda cha jirani kwa siku 2, yenye mkengeuko wa nusu siku na mauzo yaleyale, kiwango cha kuagiza ni kama katoni 123.

Hesabu hii ina mipaka. Siku ambayo stoo ilikuwa tupu daftari huandika sifuri, lakini wateja walikuja. Siku hizo ziondolewe, au wastani utadanganya. Msimu wa Ramadhani na Idd mauzo hupanda wakati malori nayo yanagombaniwa, hivyo pande mbili zinaharibika kwa pamoja na kanuni hii itapunja. Malori nayo huchelewa sana kuliko yanavyowahi. Katoni 566 kwa kasi ya 40 zinadumu siku 14, na ile oda ya siku 16 ingemkamata. Ni moja kati ya kumi, si moja kati ya ishirini. Kabla ya kuamini jibu, alipitishe kwenye oda zake za nyuma aone lingekwama wapi. Kama siku 16 zilitokana na daraja lililosombwa na maji, anaweza kuiacha pembeni. Kama zilitokana na kiwanda kukosa mafuta ghafi, jambo litakalojirudia, ibaki ndani ya hesabu na akiba iongezwe.